Mkanda wa Jeshi: Maumivu Yanayotangulia Malengelenge

Ugonjwa ambao watu wengi wa Afrika Mashariki huuita mkanda wa jeshi umepata jina hilo kutokana na umbo la upele wake, ambao huzunguka upande mmoja wa kiwiliwili, ukianzia mgongoni karibu na uti wa mgongo na kuishia mbele, kifuani au tumboni. Jina lake la kitabibu, zosta, limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo ya mkanda. Ni jina linaloueleza ugonjwa vizuri, lakini limewaponza wengi, kwa kuwa humfanya mgonjwa asubiri mpaka auone mkanda wa malengelenge ndipo aamini kwamba anaumwa, ilhali ugonjwa wenyewe huwa umeanza siku kadhaa kabla, kwa maumivu yanayofuata njia ile ile ambayo malengelenge yatapita baadaye. Mazungumzo haya yanahusu siku hizo chache za mwanzo, namna zinavyoweza kutambuliwa, na kwa nini mgonjwa anayezitambua huwa na nafasi ya kutibiwa ambayo anayechelewa huikosa.

Chanzo cha mkanda wa jeshi ni kirusi kile kile kinacholeta tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, vipele hukauka na homa huisha, lakini kirusi hakiondoki mwilini. Hujificha katika vifundo vya neva vilivyopangika kando ya uti wa mgongo, yaani mafungu madogo ya seli ambamo neva zinazoleta hisia kutoka kwenye ngozi hupitia kabla ya kuingia katika uti wenyewe. Humo hukaa kimya kwa miaka mingi kikizuiwa na kinga ya mwili. Daktari Mwingereza Edgar Hope-Simpson, aliyewatibu watu wa kawaida katika mji mdogo wa Cirencester, alichapisha mwaka 1965 maelezo ya kumbukumbu za wagonjwa wake wa miaka mingi, akionyesha kwamba mkanda wa jeshi si ugonjwa unaopatikana upya kutoka kwa mtu mwingine, bali ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka kinga ilipolegea. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 50, na vilevile watu wa umri wowote ambao kinga yao imepungua kwa maradhi au kwa dawa.

Kirusi kinapoamka, kwa kawaida huamka katika kifundo kimoja tu, na hapo ndipo umbo la mkanda linapopatikana. Kila neva inayotoka kando ya uti wa mgongo huhudumia kipande chake cha ngozi, na katika kiwiliwili vipande hivyo vimepangwa kama kanda nyembamba zinazofuata mbavu: ukanda mmoja hupita usawa wa chuchu, mwingine usawa wa kitovu, na mwingine karibu na kinena. Upande wa kulia una neva zake na upande wa kushoto una zake, nazo hukomea katika mstari wa katikati ya mwili. Sehemu kubwa ya ujuzi huo ilipatikana kutoka kwa ugonjwa huu wenyewe, kwani mwaka 1900 madaktari Henry Head na Alfred Campbell wa Uingereza walichora ramani ya kanda za neva kwa kufuata mahali upele wa wagonjwa wa zosta ulipoanzia na ulipoishia. Kwa hiyo upele unaoshika upande mmoja, unaofuata ukanda mmoja na kusimama katikati ya mwili, ni alama ya neva moja iliyoshambuliwa.

Utaratibu huo ndio unaoeleza kwa nini maumivu hutangulia. Kirusi huzaliana kwanza ndani ya kifundo na kukisababishia uvimbe, kisha husafiri ndani ya neva kuelekea kwenye ngozi, na safari hiyo huchukua siku kadhaa. Katika muda huo neva tayari imejeruhiwa na inapeleka habari za maumivu kwenye ubongo, lakini ngozi bado ni safi na haionyeshi kitu. Mara nyingi hali hii hudumu siku 2 hadi 4, ingawa wapo wanaoumwa kwa muda mfupi zaidi na wapo wanaoumwa wiki nzima au zaidi. Wengine huwa na homa ndogo, kichwa kuuma au uchovu, na wengi hawana lolote zaidi ya maumivu.

Maumivu hayo yana tabia zinazoyatofautisha na maumivu mengine ya mwili, na msikilizaji anayezijua anaweza kuyashuku mapema. Wagonjwa huyaeleza kuwa ni kuungua kama aliyemwagikiwa na maji ya moto, au kuchonyota, au vichomi vinavyokuja na kupita, na kwa wengine ni muwasho wa ndani usiotulia hata ukikunwa. La pili ni kwamba hukaa upande mmoja tu, na mgonjwa akiulizwa aonyeshe, mkono wake hauishii mahali pamoja, bali huchora mstari kutoka mgongoni kupitia ubavuni hadi mbele. La tatu, ambalo ni muhimu kuliko yote, ni kwamba ngozi yenyewe huwa imebadilika hisia: kanga, fulana au shuka likigusa kidogo tu huumiza, wakati ambapo kubonyezwa kwa nguvu pengine hakuongezi maumivu sana, na mahali pengine katika ukanda huo huo ngozi inaweza kuwa na ganzi. Jambo hilo huweza kupimwa nyumbani kwa kupitisha pamba au kitambaa laini juu ya ngozi ya upande usiouma kisha juu ya upande unaouma, kwa mwendo ule ule. Pamba ikisikika kama mguso wa kawaida upande mmoja na ikasikika kama kuunguzwa au kuchomwa upande wa pili, kuna sababu ya kuishuku neva kuliko msuli au kiungo cha ndani.

Pamoja na hayo, lazima isemwe wazi kwamba kabla ngozi haijabadilika hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kuwa na uhakika. Maumivu ya ubavu wa kulia yamewahi kudhaniwa kuwa ya kifuko cha nyongo, ya kiunoni yakadhaniwa kuwa mawe ya figo, ya chini ya tumbo upande wa kulia yakadhaniwa kuwa ya kidole tumbo, na ya kifuani yakaitwa kichomi cha mapafu. Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi: mtu mwenye maumivu ya kifua yanayobana, yanayoambatana na jasho jingi, kukosa pumzi, au yanayoelekea kwenye mkono au taya, hapaswi kukaa nyumbani akingoja upele, kwa kuwa hizo ni dalili za moyo na hutakiwa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Homa kali yenye kikohozi, kukojoa damu, kutapika mfululizo au tumbo kuwa gumu navyo huelekeza kwenye maradhi mengine. Mwenye maumivu yanayofanana na ya mkanda wa jeshi, asiye na dalili za hatari kama hizo, anachotakiwa kufanya ni kuikagua ngozi ya ukanda wote asubuhi na jioni, hasa mgongoni ambako hawezi kujiona na hupaswa kutazamwa na mtu mwingine.

Katika ukaguzi huo, anayetafuta malengelenge atakuwa anatafuta kitu kilichochelewa. Badiliko la kwanza ni mabaka machache, yaliyoinuka kidogo, yaliyojitenga na yenye ngozi ya kawaida kati yake, na mara nyingi baka la kwanza hutokea mgongoni karibu na uti wa mgongo au ubavuni. Vitabu vingi huyaeleza mabaka hayo kuwa mekundu, na maelezo hayo yamewapoteza watu wenye ngozi nyeusi, ambao kwao wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya kahawia iliyokolea yenye kuelekea zambarau, na pengine hauonekani kabisa katika mwanga hafifu wa taa ya usiku. Ni bora kutazama kwenye mwanga wa mchana, kwa pembeni ili kivuli kionyeshe palipoinuka, na kupapasa taratibu kwa ncha za vidole, kwa kuwa kidole huweza kutambua uvimbe na joto ambavyo jicho halijaviona. Katika muda wa saa 12 hadi 24 hivi, juu ya mabaka hayo hutokea vipele vidogo vilivyokusanyika kama punje, kisha hujaa maji maangavu na kuwa malengelenge. Mafungu mapya huendelea kutokea kwa siku 3 hadi 5, maji hugeuka kuwa mazito na yenye ukungu, na baada ya siku 7 hadi 10 vigaga huwa vimefunika pote, ingawa ngozi huchukua wiki 2 hadi 4 kupona.

Upele mwingine unaoweza kuchanganywa na huu katika Afrika Mashariki ni ule unaoletwa na mdudu mdogo mwembamba, mwenye pingili nyeusi na nyekundu, ambaye wengi humwita nzi wa Nairobi ingawa kwa kweli ni jamii ya mbawakawa. Mdudu huyo haumi. Anaposagwa juu ya ngozi hutoa sumu inayoiunguza, na baada ya siku moja hivi huacha mstari wenye malengelenge madogo. Tofauti zake ni tatu. Mstari wake hufuata njia ya mkono uliomfuta mdudu, si njia ya ubavu; hutokea zaidi shingoni, usoni na mikononi, mahali pasipofunikwa na nguo; na hakuna siku za maumivu ya ndani zilizoutangulia. Mtu aliyeumwa siku tatu ubavuni kabla ya kuona lolote hana sababu ya kumlaumu mdudu.

Sasa ichukuliwe mfano wa mwanamke wa miaka 58 anayeuza nafaka sokoni. Jumatatu anasikia kuungua chini ya titi la kulia, na jioni kuungua huko kumeenea hadi mgongoni. Jumanne anakumbuka gunia alilolisogeza wiki iliyopita, anasema ni msuli, anakandwa kwa maji ya moto, lakini kukandwa kunazidisha mateso, jambo ambalo si kawaida ya msuli uliokaza. Jumatano hawezi kuvumilia sidiria wala kulalia ubavu ule. Alhamisi saa 12 jioni binti yake anamtazama mgongo na kuona mabaka mawili meusi kidogo, ya ukubwa wa sarafu, karibu na uti wa mgongo upande wa kulia. Ijumaa asubuhi kuna baka jingine chini ya kwapa, na juu ya yale ya kwanza kuna vipele vidogo ambavyo bado havina maji.

Akiujua ugonjwa huu, ataenda kituo cha afya Ijumaa hiyo hiyo. Asipoujua, atasema ni joto, atapaka mafuta, na Jumapili malengelenge yatakapojaa atasema atakwenda Jumatatu. Tofauti ya safari hizo mbili iko katika hesabu ya saa 72. Dawa za kupambana na kirusi hiki hufanya kazi kwa kukizuia kuzaliana, kwa hiyo hufaa wakati kingali kinazaliana, na utafiti uliozithibitisha uliwahusu zaidi wagonjwa walioanza kuzitumia ndani ya saa 72 tangu upele uonekane. Saa hizo huhesabiwa tangu mabaka ya kwanza, wala si tangu malengelenge. Kwa mwanamke wa mfano huu, hesabu ilianza Alhamisi saa 12 jioni, hivyo inakwisha Jumapili saa 12 jioni, na safari ya Jumatatu itakuwa imepitwa na muda huo. Hata hivyo aliyechelewa asikate tamaa, kwa kuwa malengelenge mapya yakiwa bado yanatokea, au mgonjwa akiwa na kinga dhaifu, au upele ukiwa karibu na jicho, daktari huweza kuanzisha dawa hata baada ya hapo.

Dawa inayopatikana zaidi ni asikloviri, na hapa kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kununua asikloviri ya kupaka, ambayo haiwezi kuifikia neva na kwa hiyo haitibu mkanda wa jeshi. La pili ni kipimo kidogo. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, kipimo cha ugonjwa huu ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, ilhali kipimo cha miligramu 200 mara 5, ambacho watu wengi wamekizoea, ni cha malengelenge ya aina nyingine, yaani yale ya mdomoni na ya sehemu za siri. Mgonjwa aliyepewa vidonge vya miligramu 200 anahitaji vinne kila mara, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, huku akinywa maji ya kutosha ili figo zisidhurike. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa kipimo, na mjamzito hutibiwa kwa uangalizi wa daktari, ndiyo maana dawa hii hupaswa kuandikwa na mtaalamu aliyempima mgonjwa. Maumivu nayo hutibiwa tangu mwanzo, kwa parasetamoli au kwa dawa kali zaidi, na malengelenge husafishwa kwa maji na sabuni, yakafunikwa kwa kitambaa safi kisichonata. Majivu, dawa ya meno, utomvu wa mimea na kutumbua malengelenge hukaribisha vijidudu vinavyotia usaha na kuacha makovu, bila kugusa ugonjwa ulioko ndani ya neva.

Faida ya kuanza mapema ni kwamba malengelenge huacha kutokea haraka zaidi, vigaga hufunga mapema, na maumivu ya siku za kwanza hupungua. Shida kubwa ya ugonjwa huu, hata hivyo, ni maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona. Yakidumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa ni maumivu ya neva iliyojeruhiwa, nayo huwapata zaidi wazee na wale ambao maumivu ya mwanzo yalikuwa makali. Dawa za kirusi haziwezi kuahidi kuyazuia, na ni haki mgonjwa aambiwe hivyo. Lakini zipo dawa zake mahsusi, kama amitriptilini inayonywewa usiku kwa kipimo kidogo, ambazo husaidia pale ambapo vidonge vya kawaida vimeshindwa. Kwa hiyo anayeumwa bado wakati vigaga vimeshadondoka asidhani kwamba amerogwa au kwamba ugonjwa umeingia ndani, bali arudi kituoni aeleze.

Wapo wagonjwa ambao hawapaswi kungoja hata siku moja. Upele ukitokea kwenye paji la uso, au lengelenge moja dogo likaonekana kwenye ncha ya pua, jicho la upande huo liko hatarini, kwa kuwa tawi la neva linaloihudumia ncha ya pua huihudumia pia mboni. Upele wa sikioni unaoambatana na uso kupinda, upele unaovuka katikati ya mwili, unaoshika kanda kadhaa au unaosambaa mwili mzima, nao huonyesha ugonjwa mzito unaohitaji hospitali. Kwa kijana au mtu wa makamo, mkanda wa jeshi hata ukiwa wa kawaida ni sababu ya kupima virusi vya ukimwi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani huuhesabu miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya maambukizi hayo. Hilo halina maana kwamba kila mwenye mkanda ana maambukizi, kwani wazee wengi huupata kwa sababu ya umri tu. Maana yake ni kwamba kipimo kimoja siku hiyo huweza kugundua mapema jambo lenye matibabu. Hata aliyekwisha kuanza dawa za kufubaza virusi anaweza kupata mkanda katika miezi ya mwanzo, kinga yake inapoamka, na hapaswi kuziacha dawa hizo kwa sababu hiyo.

Familia nayo hutaka kujua kama ugonjwa unaambukiza. Mkanda hauambukizwi kama mkanda, lakini maji ya malengelenge yana kirusi, na mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa akiyagusa anaweza kupata tetekuwanga. Katika nchi za joto watu wengi hufika utu uzima bila kuiugua, na kwa hiyo mjamzito asiyewahi kuiugua, mtoto mchanga na mwenye kinga dhaifu wakae mbali mpaka vigaga vifunge, na mgonjwa afunike upele na kutochangia taulo. Ama imani kwamba mkanda ukizunguka na ncha zake zikikutana mgonjwa hufa, ramani ya neva imekwisha kuijibu: neva za kulia na za kushoto hukomea katikati, na kwa mgonjwa wa kawaida ncha hizo hazina njia ya kukutana. Hofu hiyo imewapeleka wengi kwa wachanjaji na wachomaji katika saa zile zile ambazo dawa ingefaa zaidi.

Yule mwanamke wa sokoni hakuhitaji kuyajua yote hayo. Alihitaji kujua kwamba kuungua kwa upande mmoja kunakofuata ubavu, pamoja na ngozi isiyotaka kuguswa na nguo, ni sababu ya kumwita binti yake atazame mgongo kwenye mwanga kila asubuhi na jioni, na kwamba siku baka la kwanza linapoonekana, kabla halijajaa maji, ndiyo siku ya kwenda kupimwa, akimweleza tabibu maumivu yalianza siku gani na baka limeonekana saa ngapi.